Kalenda Kabla ya Maabara: Msukosuko wa Estrojeni Kuelekea Ukomo wa Hedhi

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 46 anayeishi Mkuza, mjini Kibaha. Tangu ujanani hedhi yake ilirudi kila baada ya siku 28 hivi. Mizunguko yake mitano ya karibuni imekuwa ya siku 27, 25, 24, 33 na 23. Damu imeongezeka, matiti yanajaa na kuuma kabla ya siku zake, na usiku anaamka saa nane akiwa amelowa jasho. Kwa kuwa Pwani malaria ndiyo hushukiwa kwanza, anapimwa, hana. Kisha anapimwa estrojeni mara moja, anaambiwa iko sawa, na anarudi nyumbani akiamini kwamba ukomo wa hedhi haumhusu bado.

Kosa liko katika dhana iliyozaa kipimo hicho, kwamba estrojeni hupungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka mpaka iishe. Mwaka 1996 mtafiti Nanette Santoro na wenzake nchini Marekani walichunguza mkojo wa kila siku wa wanawake waliokaribia ukomo wa hedhi, wakakuta estrojeni yao iko juu kuliko ya wanawake vijana, huku projesteroni ikiwa chini. Kushuka kwenyewe huja mwishoni, kwa kawaida katika miaka miwili hivi kabla ya hedhi ya mwisho.

Sababu ya estrojeni kupanda kwanza ni mazungumzo kati ya ovari na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari hutoa homoni ya kuchochea folikuli, yaani vile vifuko vidogo vinavyolea mayai. Katika fomu ya maabara huandikwa FSH. Vifuko navyo hutoa inhibini B, inayoiambia pituitari ipunguze kasi. Umri unapofanya vifuko vibaki vichache, inhibini B hupungua, breki hulegea na FSH hupanda. Vifuko vilivyosalia husukumwa kwa nguvu isiyo ya kawaida: kimoja hukomaa mapema, na pengine kadhaa hukua kwa pamoja vikamwaga estrojeni nyingi. Mwezi unaofuata huenda kisiitikie hata kimoja, na estrojeni ikaanguka. Kwa hiyo ovari inayochoka inaweza, kwa muda, kutoa estrojeni kupita ile ya ujanani.

Hapa ndipo mizunguko mifupi inapoeleweka. Kifuko kinachokomaa mapema hufupisha nusu ya kwanza ya mzunguko, na siku 28 zinakuwa 25. Wakati mwingine FSH huwa juu hata baada ya yai kutoka, ikaamsha kifuko kingine kabla hedhi haijaanza. Mama huyo anaingia siku zake estrojeni ikiwa tayari inapanda, wakati ambapo ilipaswa kuwa chini. Na ikiwa yai halikutoka kabisa, projesteroni haipatikani ya kutosha kuutuliza ukuta wa mji wa mimba. Ukuta unanenepa, na ukibomoka damu huwa nyingi. Matiti kuuma ni dalili ya estrojeni iliyopanda, lakini jasho la usiku mara nyingi hufuata estrojeni inapoporomoka. Ndiyo maana dalili mbili zinazoonekana kupingana hukaa katika mwili mmoja, tena katika wiki moja.

Kipimo cha siku moja hunasa nukta moja tu ya msukosuko huo. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2015 unawaelekeza madaktari wasitegemee FSH kutambua kipindi hiki cha kuelekea ukomo wa hedhi kwa mwanamke aliyevuka miaka 45. Vigezo vya kimataifa vilivyokubaliwa mwaka 2011 vinaanzia kwenye tarehe: mizunguko miwili inayofuatana ikitofautiana kwa siku saba au zaidi, na jambo hilo likajirudia ndani ya mizunguko kumi, kipindi cha mpito kimeanza. Mama wetu alitoka siku 24 hadi 33, kisha akarudi 23. Jibu lilikuwa kwenye kalenda yake.

Kalenda nayo ina mipaka. Haimsaidii anayetumia sindano ya uzazi wa mpango, kwa sababu sindano yenyewe hubadilisha hedhi. Haitofautishi damu nyingi ya kipindi hiki na ile ya uvimbe wa fibroidi, na jasho linaweza kutokana na tezi ya shingo au kifua kikuu. Damu nyingi inadai kupimwa wingi wa damu mwilini. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, katikati ya mizunguko, au baada ya miezi 12 bila hedhi inadai uchunguzi wa shingo ya kizazi na mji wa mimba bila kuchelewa. Tena yai bado hutoka katika baadhi ya miezi, kwa hiyo mimba inawezekana.

Mwanamke wa makamo anayefika zahanati au Hospitali ya Tumbi akilalamikia usingizi, jasho na damu nyingi aulizwe kwanza tarehe za hedhi zake sita zilizopita, kabla hajaandikiwa kulipia kipimo cha homoni.