Safu ya Lugha: Muhtasari wa nini?

Mwalimu mmoja wa Sumbawanga alinitumia picha ya azimio la kazi, akaomba nimtolee "muhtasari wa muhula". Neno muhtasari tulilitoa kwa Kiarabu, likiwa na maana ya kilichofupishwa. Lakini shuleni kwetu muhtasari ni kile kitabu cha wizara chenye mada za somo zima. Azimio ndilo huzigawa kwa miezi, wiki na vipindi. Andalio ni la kipindi kimoja. Ukisema muhtasari wa azimio, mwalimu mkuu atakuletea kitabu.

Alichotaka ni dondoo: mada, wiki, vifaa, basi. Kudondoa ni kuokota yanayohitajika, si kufupisha kila safu. Malengo na rejea hubaki kwenye azimio.

Picha nayo ina mitego. Kwenye ile yake, mada ya "Vipimo" iliandikwa mara moja tu, kando ya wiki ya 3, na kisanduku chake kikashuka hadi ya 5. Anayedondoa kwa haraka angeandika wiki ya 3 peke yake. Safu ya zana, pembeni kabisa, ilikatwa: ilisomeka "rula, miz". Mizani, au mizigo? Usibahatishe, piga picha upya.