Nani Aliipinda Waya?

Simulizi inayorudiwa zaidi huanzia Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1960. Sokwe dume mwenye ndevu za kijivu amechuchumaa kando ya kichuguu. Anachomeka unyasi tunduni, anasubiri, anauchomoa ukiwa umejaa mchwa walioung'ata, anawala. Sokwe wa hapo walionekana pia wakichuma vijiti na kuvipukusa majani kabla ya kuvitumia. Vitabu vingi husema hapo ndipo tulipojua kwamba binadamu si mtengeneza zana peke yake. Je, kabla ya hapo hakuna aliyeona lolote?

Yupo aliyeona. Maandishi ya miaka ya 1840 kutoka Afrika Magharibi yanaeleza sokwe wanaovunja kokwa kwa mawe. Kwa hiyo kutumia zana kulikuwa kumekwisha kuandikwa zaidi ya karne nzima kabla. Jipya la Gombe lilikuwa kumwona sokwe wa porini akiitengeneza zana yenyewe. Lakini hata ndege husuka kiota, na hatusemi kwamba amekifikiria. Basi ni kitendo gani kitakachoonyesha kwamba mnyama amefikiri?

Swali hilo lilinipeleka kisiwa cha Tenerife, kwenye majaribio ya miaka ya 1910. Sokwe aitwaye Sultan alikuwa kizuizini, ndizi iko nje, na fimbo zake mbili ni fupi. Akachezacheza nazo, akaingiza ncha ya moja kwenye uwazi wa nyingine, akapata fimbo ndefu, akaivuta ndizi. Ilitangazwa kwamba ameng'amua ghafla. Miaka ya 1950 sokwe wengine wakapewa fimbo za namna hiyo bila chakula chochote mbele yao. Wengi waliziunganisha vilevile, kwa mchezo tu. Je, Sultan alitatua tatizo, au mchezo wake uliangukia kwenye jibu?

Nikadhani kunguru atanitoa kwenye utata huo. Mwaka 2002 ilichapishwa habari ya Betty, kunguru wa Kaledonia Mpya aliyefugwa maabara huko Uingereza. Chakula kilikuwa ndani ya kindoo kidogo chenye mkono, chini ya mrija uliosimama wima. Kulikuwa na waya mbili, moja yenye ndoano na nyingine imenyooka. Mwenzake akachukua yenye ndoano. Betty akaikita ncha ya ile iliyonyooka, akaipinda kwa mdomo, akakivuta kindoo. Aliporudishiwa jaribio na waya iliyonyooka peke yake, aliipinda mara 9 kati ya 10. Dunia ikamshangilia. Lakini nani alikuwa amechunguza anachofanya ndugu yake wa porini?

Jibu lilikuja mwaka 2016, nalo lilinishusha moyo. Kunguru 18 waliokamatwa Kaledonia Mpya walipewa vijiti laini vya mmea, na 10 kati yao wakavipinda. Kumbe kupinda ni sehemu ya mazoea ya jamii hiyo, na Betty mwenyewe alikamatwa porini. Huenda alifanya kwa waya yale aliyoyazoea kwa vijiti. Njia yangu ilikuwa imeziba, mpaka nilipouliza: vipi kunguru ambaye jamii yake haina mazoea hayo kabisa?

Yuko kunguru wa Ulaya anayefukua wadudu mashambani, ambaye porini hajulikani kwa kutumia zana. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba ndege wa jamii hiyo waliofugwa walipinda waya na kukivuta kindoo kama Betty. Ni kweli walikwisha kutumia ndoano walizopewa tayari, kwa hiyo umbo hawakulizua. Hata hivyo, hakuna mazoea ya porini yanayoweza kueleza walichofanya. Ushahidi huu nauona mzito kuliko wa Betty, ingawa hausimuliwi sana. Je, baharini kuna wa kulinganishwa nao?

Mwaka 2009 huohuo iliripotiwa pweza wa Indonesia anayebeba vifuu vya nazi. Huvipachika chini ya mwili, akakakamaza mikono na kutembea kwa taabu juu ya tope, kisha akifika mbali huvifunika na kujificha ndani. Mtu atasema hata kaa huishi kwenye kombe la konokono. Lakini kombe humlinda kaa kila wakati, ilhali kifuu humchelewesha pweza na kumwacha wazi anapokibeba. Faida yake iko mbele. Wala hakufundishwa na mama, maana pweza jike hufa mayai yakishaanguliwa. Je, basi amepanga?

Naamini ushahidi hautoshi kusema ndiyo. Huenda kubeba vifuu ni silika, na hukumu hiyohiyo inawahusu Sultan na Betty: uhodari wao ni wa kweli, lakini ugunduzi wa ghafla haujathibitishwa. Kwa hiyo, msomaji, ukionyeshwa mnyama anayetumia zana kwa ustadi, uliza kwanza hukifanyia nini kifaa hicho siku ambayo hakuna chakula cha kukipata.