Vikomo viwili vya chanjo ya rota

Katika lugha ya chanjo, kikomo cha umri ni siku ambayo mtoto akishaipita hapewi tena dozi fulani. Kwa chanjo ya virusi vya rota, ile ya matone ya mdomoni, neno hilo moja hubeba mambo mawili. Kuna kikomo cha kuanza, yaani umri wa mwisho wa kupokea dozi ya kwanza, na kikomo cha kumaliza, umri wa mwisho wa kupokea dozi yoyote.

Vikomo hivi vilitokana na RotaShield, chanjo iliyoondolewa Marekani mwaka 1999. Takriban mtoto 1 kati ya 10,000 waliochanjwa alipatwa na utumbo kujiingiza: kipande cha utumbo huzama ndani ya kile kinachofuata, njia ikaziba. Hata bila chanjo, tatizo hili huwapata zaidi watoto wa miezi 4 hadi 8. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilisema dozi ya kwanza itolewe kabla ya wiki 15, na ya mwisho isipite wiki 32.

Kenya ilianza kutoa chanjo hii Julai 2014. Watafiti wa KEMRI wenye makao Kisian walikuwa wameshiriki kujaribu chanjo ya rota jirani, Siaya. Sasa chukua mtoto wa Kisian aliyezaliwa Machi 3. Siku yake ya mwisho ya kuanza, kwa sheria ya 2009, ni Juni 15. Mama alikuwa kwao kisiwani, akafika kliniki Juni 30. Mtoto ana wiki 17 kamili na hajapata hata tone.

Zamani angerudishwa. Mwaka 2013 Shirika hilo lililegeza vikomo: mtoto aliyechelewa anaweza kuchanjwa hadi miezi 24, kwa kuwa palipo na vifo vingi vya kuhara, wanaookolewa ni wengi kuliko wanaoweza kudhurika. Baadaye ufuatiliaji katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwemo, haukuona ongezeko la utumbo kujiingiza baada ya Rotarix, mojawapo ya chanjo za rota. Mwuguzi akiridhika kwamba mwongozo anaoutumia unaruhusu, mtoto wetu huanza Juni 30 na kurudi baada ya wiki 4, Julai 28.

Akishapita miezi 24, chanjo hii haimhusu tena, maana wengi wa umri huo wameshakutana na virusi. Akiharisha, mpe ORS, zinki na ziwa kama bado ananyonya. Macho yakididimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, mpeleke hospitali.

Mtoto aliyechanjwa akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, akitapika, na choo kikatoka ute wenye damu, huenda utumbo umejiingiza: mpeleke hospitali, usingoje kuche. Na kwa sababu ya rota usiahirishe chanjo nyingine: nenda kliniki na kijitabu, umri uhesabiwe kwa wiki.