Ahadi ya arusi: maneno machache ambayo sauti inaweza kubeba

Katika Walungu, wachumba wengi wanapita mbele ya watu mara tatu: kwa jamaa wakati wa mahari, kwa afisa wa serikali, na kanisani. Mara hizo zote kuna maneno yaliyokwisha kupangwa. Sheria ya jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, inaomba kila mmoja akubali yeye mwenyewe, na afisa ndiye anauliza. Kwa Wakatoliki, maneno ya kukubaliana yako katika kitabu cha ibada, na mchumba hawezi kuyabadilisha na yake.

Kwa hiyo anayetaka kusema ahadi yake mwenyewe aulize kwanza nafasi iko wapi. Padri ao pasta anaweza kumupa dakika moja kisha ibada. Akikataa, inabaki karamu ya jioni, mbele ya hotuba za wazazi. Kuuliza kufanyike wiki mbili mbele, haiko asubuhi ya arusi.

Urefu unaotosha ni maneno 50 mpaka 80. Mtu mwenye moyo unaopiga anasema polepole, na maneno 80 yanamuchukua karibu dakika moja. Kila sentensi ikuwe ya pumzi moja. Sentensi ndefu inamaliza hewa mbele ya kufika mwisho, na hapo ndipo koo linajifunga.

Luga nayo inapima ukweli. Wachumba waandike katika luga ile wanayogombania na kusameheana, ikuwe Mashi ao Kiswahili. Kifaransa kizuri kilichotolewa katika filamu kinasikilika mara moja kama nguo ya kuazima.

Tuchukue mfano wa binti anayeuza maharagi katika soko ya Mugogo. Baba yake alikufa. Mara ya kwanza aliandika ukurasa mzima: mchumba ni nyota yake, atamupenda milele, na mwishoni kabisa, baba angekuwa hapa angefurahi. Nyota na milele zinaweza kusemwa kwa mtu yeyote. Na neno la baba, likiwekwa mwisho, linamukuta tayari amechoka. Aliandika tena hivi:

«Ulikuja kwetu wakati mama alikuwa mgonjwa. Ulichota maji bila kuombwa. Hapo nilijua wewe ni muntu wangu. Leo baba haiko hapa, najua angekupokea. Ninakuahidi mambo tatu. Nitakuambia kweli, hata kama ni juu ya feza. Sitalala na hasira bila kukuambia sababu yake. Mama yako atakuwa mama yangu, awe mzima ao mgonjwa. Nakukubali mbele ya hawa wote.»

Ni maneno 54. Mwanzo ni jambo moja lililotendeka kweli, ambalo bwana arusi analikumbuka. Kisha zinakuja ahadi tatu ambazo mtu anaweza kuona kama zimetimizwa ao hapana. «Nitakufanya ufurahi kila siku» haiko ahadi, juu hakuna anayeweza kuitimiza.

Neno la baba limekaa katikati, na nyuma yake kuna sentensi kavu: «Ninakuahidi mambo tatu.» Sentensi hiyo haiumize mtu. Inamupa nafasi ya kurudisha sauti mbele ya kuendelea.

Namna ya kujua pahali pa hatari ni kusoma kwa sauti, akisimama, mara tatu kwa siku tofauti, mbele ya msimamizi wake wa arusi. Kusoma kimoya hakuonyeshe kitu. Kama sauti inakatika pale pale mara zote tatu, sentensi hiyo ifupishwe. Ikikataa bado, itolewe: neno la baba linaweza kusemwa na baba mdogo katika hotuba yake ya jioni, na halitapotea.

Siku yenyewe, ahadi iandikwe kwa mukono, herufi kubwa, kwenye karatasi ngumu, sentensi moja kila mustari. Karatasi nyepesi inatetemeka pamoja na mukono, na simu inaweza kuzimika. Msimamizi ashike kopi ya pili.

Machozi yakikuja, asijaribu kuyashinda kwa kusema haraka, juu sauti itapanda na kukatika. Asimame, ameze mate, atoe pumzi polepole mpaka mwisho, kisha aanze tena sentensi ile ile toka mwanzo. Watu watangoja. Akishindwa kabisa, msimamizi asome ahadi tatu kwa niaba yake, na yeye abakize sentensi moja tu ya kusema kwa kinywa chake: ile ya mwisho.