Kafeini ya kahawa
Kafeini ni kichangamsho kilichomo katika buni. Arabika, inayolimwa kandokando ya Ziwa Kivu, huwa nayo karibu nusu ya ile ya robusta, hivyo weusi wa kahawa si kipimo. Kikombe cha mililita 200 cha kahawa iliyochujwa kina takriban miligramu 90. Espreso ya mililita 60 ina 80, ingawa ni mafunda machache. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku. Anayekunywa kikombe chake saa kumi alasiri, saa tatu usiku bado ana karibu nusu ya kafeini mwilini, na usingizi huchelewa. Kwa mjamzito kafeini hukawia zaidi kutoka, tena huvuka kondo hadi kwa mtoto. Kikomo cha mjamzito ni miligramu 200 kwa siku, na chai nayo ihesabiwe.