Wanafunzi 1,000 wanaweza kuwa 93: safari ya hesabu kutoka shamba mpaka kalasi

Wengi wetu tumepewa kazi ya kupima wanafunzi kwa ajili ya mradi fulani, na ripoti huwa inajivunia idadi: «Tumepima watoto 1,000.» Leo napenda tuone namna watu walivyogundua kwamba idadi hiyo inaweza kudanganya.

Tuanzie Kituku, pale watu wanapochota maji ya ziwa. Bidoni moja ikishatiwa kilori, ukipima vikombe 20 kutoka ndani yake utapata karibu jibu moja mara 20. Hujapima ziwa, umepima bidoni moja. Wanafunzi wa kalasi moja nao ni hivyo kwa sehemu: mwalimu wao ni mmoja, vitabu ni vilevile, na siku ambazo mwalimu hakufika ni zilezile kwa wote.

Sisi watu wa agronomi tulilijua hilo mapema. Ronald Fisher, aliyefanya kazi kwenye kituo cha mashamba cha Rothamsted, Uingereza, alieleza kwenye kitabu chake cha 1925 kipimo cha namna vitu vya kundi moja vinavyofanana. Tukiite uwiano wa ndani ya kundi. Ukiweka mbolea kwenye palseli nzima kisha ukapima uzito wa kila kiazi, viazi 200 si majaribio 200, juu mbolea iliwekwa mara moja tu. Jaribio ni palseli.

Shuleni somo hilo lilichelewa kueleweka. Mwaka 1976 Neville Bennett wa Lancaster alitoa kitabu kilichosema kwamba wanafunzi wa walimu wanaofundisha kwa mtindo wa zamani wanaendelea vizuri zaidi. Kelele ilikuwa kubwa Uingereza yote. Lakini walimu walikuwa 37 tu, na hesabu ilimchukua kila mtoto kama ushahidi unaojitegemea. Mwaka 1981 Murray Aitkin na wenzake, Bennett mwenyewe akiwa kati yao, walirudia hesabu ileile wakizingatia kwamba watoto wako ndani ya kalasi. Tofauti kati ya mitindo ikadhoofika sana, haikuweza tena kubeba maneno makali ya mwanzo.

Tufanye hesabu yenyewe kwa mfano wa kubuni. Tuseme tofauti zote za alama za kusoma ni 100: 20 zinatokana na kalasi, 80 zinatokana na watoto wenyewe. Uwiano, tuuite r, ni 20 ÷ 100, yaani 0.2. Kama kila kalasi inatoa watoto n, ushahidi unapungua kwa kiasi hiki:

1 + (n − 1) × r

Kalasi 20 zenye watoto 50 kila moja zinatoa watoto 1,000. Kipunguzo ni 1 + 49 × 0.2 = 10.8. Kwa hiyo, ukitafuta wastani, watoto 1,000 wanabeba habari ya watoto 93 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja. Lakini ukienda kwenye kalasi 100 na kuchukua watoto 10 tu kila moja, kipunguzo kinakuwa 2.8, na habari inafika watoto 357. Watoto ni walewale 1,000, ila ushahidi ni karibu mara nne. Ubaya wake ni mafuta ya pikipiki!

Kuanzia 1986, kazi za Harvey Goldstein kule London, na za Stephen Raudenbush na Anthony Bryk kule Amerika, zilieneza modeli za ngazi nyingi. Modeli hiyo haichagui kati ya mtoto na kalasi. Inaweka tofauti za mtoto mahali pake, za kalasi mahali pake, za shule mahali pake. Ila haifanyi miujiza. Ukichukua kalasi moja tu kwa kila shule, hutajua kama shida ni ya mwalimu au ya shule nzima, vyote viwili vimefungwa pamoja. Na ukiwa na shule 5 tu, huwezi kupima vizuri tofauti za shule, hata kila shule ingekuwa na watoto elfu.

Njia hii ilifika hata hapa kwetu mashariki ya Kongo. Katika mradi wa OPEQ wa IRC, uliofuatiliwa na Lawrence Aber na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York, kura ilipigwa kwa makundi ya shule. Hawakuchagua mtoto mmoja mmoja, kwa sababu mafunzo yalipewa walimu waliokutana pamoja. Palseli yao ilikuwa kundi la shule.

Kwa hiyo ripoti ikikufikia mkononi, usianze na idadi ya watoto. Tafuta kwanza idadi ya kalasi na shule, kisha tafuta r. Kama haviko, hitimisho la «njia hii inafaa» halijasimama bado, na kuna mwalimu anayeweza kufukuzwa au kusifiwa kwa sababu ya bidoni moja tu.