Habari za wagonjwa zikipotea: kliniki ndogo ya Ulaya ina masaa 72

Kanuni ya Umoja wa Ulaya juu ya ulinzi wa habari za watu, ile Wakongo wa Ubelgiji na Ufaransa wanaita RGPD, inatumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Haiangalii pasipoti ya mgonjwa. Mtu aliyetibiwa Brisele kisha akarudi Bukavu analindwa sawasawa na jirani yake Mbelgiji, na kliniki ndogo ya waganga wawili inabanwa nayo kama hospitali kubwa.

Tuchukue mfano. Kliniki moja ya mtaa wa Matonge, Brisele, ina waganga wawili, muuguzi mmoja na sekretere. Siku ya Jumanne jioni muuguzi anasahau kompyuta ya kazi ndani ya tramu. Anagundua Jumatano saa tatu asubuhi, anamwambia mganga mkuu papo hapo. Ndani yake muko majina, namba za simu na matokeo ya maabara ya wagonjwa 212, pamoja na vipimo vya virusi vya ukimwi. Nakala ya yote iko salama kliniki.

Swali la kwanza: je, ni tukio la kutangaza? Wengi wanafikiri kwamba kwa kuwa nakala ipo, hakuna kilichopotea. Sivyo. Kanuni inahesabu mambo matatu: habari kuonwa na asiyehusika, habari kugeuzwa, na habari kupotea au kukosekana. Hata wezi wa mtandao wakifunga mafaili ya kliniki bila kuyachukua, na muuguzi akakosa kujua mgonjwa anatumia dawa gani, hilo nalo ni tukio.

Kinachoamua ni hatari kwa wagonjwa. Kama diski nzima ya kompyuta ilikuwa imegeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na ufunguo haukuwa pamoja nayo, hatari ni ndogo sana na hakuna wa kupelekewa taarifa. Lakini neno la siri la kuwashia peke yake halitoshi: fundi anatoa diski, anaipachika kwenye kompyuta nyingine, anasoma kila kitu. Kompyuta ya mfano wetu ilikuwa na neno la siri tu. Kwa hiyo lazima kutangaza.

Masaa 72 yanaanza pale kliniki inapojua, si pale kompyuta iliposahauliwa. Hapa ni Jumatano saa tatu asubuhi, basi mwisho ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Usiku unahesabiwa, na kliniki ikifungwa saa hazisimami. Kama habari zimevuja kwa kampuni inayotunza mafaili ya kliniki, kampuni hiyo inapaswa kuijulisha kliniki bila kuchelewa, lakini wa kupeleka taarifa kwa serikali anabaki ni kliniki.

Ubelgiji, taarifa inapelekwa kwa mamlaka ya ulinzi wa habari, APD, kwa fomu ya mtandaoni. Kumwambia polisi ni vizuri, lakini hakuchukui nafasi yake. Fomu inataka kujua nini kilitokea, ni watu wa aina gani na takriban wangapi, ni habari za aina gani na takriban kiasi gani. Jina la mtu wa kuulizwa. Madhara yanayoweza kufuata. Na kliniki imefanya nini au itafanya nini. Makosa ya kawaida ni kungoja mpaka kila kitu kijulikane. Kanuni inaruhusu kupeleka kidogo kidogo: Ijumaa kliniki inaandika « wagonjwa takriban 200 », wiki ifuatayo inaongeza hesabu kamili. Ikichelewa, inatuma vilevile na kueleza sababu.

Wagonjwa wenyewe wanaambiwa hatari ikiwa kubwa, na matokeo ya ukimwi kwenye jamii ambayo kila mtu anajua mwenzake ni hatari kubwa bila ubishi. Hapa hakuna masaa yaliyoandikwa, ni « bila kuchelewa », kwa maneno rahisi: kilichotokea, kinachoweza kufuata, hatua zilizochukuliwa, na wa kumpigia simu. Ujumbe usitaje ugonjwa, maana simu ya nyumbani inasomwa na wengi. Na asipigiwe shemeji eti afikishe habari. Hiyo inakuwa tukio la pili. Mgonjwa aliye Bukavu naye anatafutwa.

Kuna daftari pia. Kila tukio, hata lile lisilopelekwa APD, linaandikwa: lilivyotokea, madhara yake, lililofanywa. Mkaguzi akija ataliomba. Asiyetangaza inavyotakiwa anaweza kutozwa faini hadi euro milioni 10, au asilimia 2 ya mapato ya mwaka ya kampuni kama hiyo ni zaidi. Kliniki ya ukubwa huu haitarajiwi kufikia hapo, kwa kuwa faini inapimwa kulingana na kosa na uwezo, lakini daftari tupu linamfanya mkaguzi aulize maswali mengi zaidi.